Mguu Usiofikika

Ili mtu ajikate kucha za miguu, lazima nyonga ikunjike, goti likunjike, mgongo uiname, mkono uwe na nguvu ya kubana na jicho lione karibu. Kijana hayahesabu hayo. Anakaa ukingoni mwa kitanda, anapandisha mguu mmoja juu ya mwingine, na kazi inakwisha. Mtu wa miaka 75 mwenye baridi yabisi ya magoti hukwama mwanzoni kabisa. Aliyepata kiharusi amebakiwa na mkono mmoja wa kutegemea. Mwenye mtoto wa jicho anakiona kidole, lakini haoni ukucha unaishia wapi na nyama inaanzia wapi. Na aliyewekewa nyonga ya bandia mara nyingi huambiwa kwamba kwa wiki kadhaa baada ya upasuaji asiikunje kupita nyuzi 90, ilhali hakuna anayekifikia kidole gumba cha mguu wake bila kupita hapo.

Wengi hawasemi. Watu wa nyumbani hugundua kwa ishara za pembeni: soksi zinatoboka mahali palepale kila mara, viatu vya kufunika vimesukumwa uvunguni na zimebaki ndala peke yake, shuka limechanika upande wa miguuni. Pwani, soni hii ina uzito wa ziada, kwa sababu kukata kucha ni miongoni mwa sunna za usafi, na Waislamu wengi wamefundishwa kwamba zisiachwe kupita siku 40. Mzee aliyeshika utaratibu huo tangu utotoni, halafu mikono ikaacha kufika, huumia kuliko anavyoonyesha. Kumwomba mkwe au mjukuu amshike miguu naye huona ni kumtwisha aibu. Kwa hiyo asisubiriwe aombe. "Babu, leo ukishaoga nitakukata kucha" ni maneno machache, na mara nyingi jibu lake huwa kimya cha kukubali.

Tatizo ni kwamba ukucha anaoukuta mjukuu huyo si kama wake.

Ukucha wa mguu wa mtu mzima hukua kwa wastani wa milimita 1.6 kwa mwezi, chini ya nusu ya kasi ya ukucha wa mkono, na umri ukisogea kasi hupungua zaidi. Ukucha wa kidole gumba ukitoka wote, mpya huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kufika ncha. Kwa kuwa unakaa muda mrefu hivyo, kila kilichoupata kinabaki nao: kiatu kilichobana miaka 30, jembe lililoangukia kidole, damu isiyofika vizuri kwenye vidole. Mzizi wake, ule uliofichwa chini ya ngozi nyuma ya ukucha, ukishaumizwa hauzalishi tena bamba jembamba na laini. Unazalisha tabaka juu ya tabaka. Ukucha wa kawaida wa kidole gumba una unene wa milimita moja au mbili; huu unaweza kufika tano au zaidi, ukawa wa manjano au kahawia, mgumu kama kwato. Ukiachwa kabisa, huanza kupinda upande na kujikunja mpaka ukagusa au kuchoma kidole jirani. Madaktari huufananisha na pembe la kondoo dume, na aliyewahi kuuona hasahau.

Fangasi nao hunenepesha ukucha, na watu wengi wakiona unene huo hukimbilia duka la dawa. Hapo inafaa kutulia. Kucha nyingi zinazoonekana kuwa na fangasi hazina. Ni umri, shinikizo la kiatu au ugonjwa wa ngozi. Dawa ya kumeza inayotumika sana, tabinafini, huchukuliwa miligramu 250 kwa siku kwa wiki 12 ikiwa ni kucha za miguu, na kwa baadhi ya watu huweza kuliathiri ini. Si dawa ya kubahatisha kwa mzee ambaye tayari anameza nyingine nne. Kipande cha ukucha na ungaunga wa chini yake vikipelekwa maabara na kutazamwa kwa hadubini, jibu hupatikana kabla ya fedha kutumika na ini kusumbuliwa. Na hata fangasi wakifa, ukucha bado utahitaji kukatwa.

Msaidizi aliyefunzwa hutofautiana na asiyefunzwa kabla hata ya kushika kifaa. Huuliza kwanza. Je, mzee ana kisukari? Anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini au klopidogreli? Amewahi kuwa na kidonda cha mguu kilichochelewa kupona? Miguu ina ganzi? Kisha hutazama: nafasi kati ya vidole, nyayo, rangi ya ngozi, joto la mguu mmoja ukilinganishwa na mwingine. Mguu uliopoa, wenye ngozi nyembamba inayong'aa na isiyo na vinyweleo, ni dalili kwamba damu haifiki vya kutosha, na mkwaruzo mdogo hapo unaweza kuwa kidonda cha miezi.

Kuhusu ganzi, lipo jaribio lisilohitaji chombo chochote, lililobuniwa na madaktari wa Ipswich nchini Uingereza. Mzee hufumba macho. Msaidizi hugusa kwa ncha ya kidole chake cha shahada, taratibu kama unyoya, kwa sekunde moja au mbili, ncha ya kidole gumba, cha kati na kidogo cha kila mguu. Sehemu hizo ni sita. Hasukumi, hagongi, wala harudii kugusa palepale mpaka aitikiwe. Mzee husema kila anapohisi. Akikosa kuhisi sehemu mbili au zaidi, miguu hiyo ichukuliwe kuwa imepoteza hisia, na kucha zake si za kukatwa nyumbani. Sababu yake ni nyepesi kueleza: mtu asiyehisi hatasema "ah!" pale kifaa kinapobana nyama. Maumivu ndiyo ulinzi wa mwisho katika kazi hii, na kwake hayapo.

Tuseme maswali yamejibiwa vizuri. Ni bibi wa miaka 81, hana kisukari, anahisi sehemu zote sita, damu inafika, lakini magoti hayakunjiki na hajakatwa kucha tangu mwaka jana. Nane kati ya kucha zake ni ndefu tu. Za vidole gumba ni nene kama milimita tano, na ule wa kulia umeanza kuelekea kidole cha pili.

Huketishwa kwenye kiti chenye mgongo na mikono, si kitandani anakozama. Msaidizi hukaa kwenye kigoda mbele yake, ametandika taulo pajani, na mguu wa bibi hupumzika hapo katika kimo ambacho goti lenyewe linakubali. Goti halivutwi. Mwanga utoke pembeni ili kivuli cha mkono kisifunike kidole. Miguu imeshalowekwa dakika 10 hadi 15 katika maji ya vuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko, kisha imekaushwa vizuri, hasa katikati ya vidole. Maji hulainisha juu juu tu. Ukucha wa milimita tano hautakuwa laini mpaka ndani. Wataalamu wengi wa miguu hawaloweki kabisa, kwa kuwa ukucha mkavu husagika vizuri zaidi na mpaka wake na nyama huonekana.

Kwenye kucha za kawaida, kikata kucha kikubwa kinatosha. Kwenye nene hakifai: mdomo wake haufunguki vya kutosha, na mtu akilazimisha, ukucha unapasuka kwa urefu kuelekea mzizini. Kinachotakiwa ni koleo la kucha, lenye mikono mirefu na ncha fupi zenye makali. Kinachotakiwa zaidi ni kuacha wazo la kukata mara moja. Msaidizi hukishika kidole kwa gumba na shahada, anaivuta nyama ya ncha chini, mbali na ukucha, halafu anaanzia pembeni kwa kung'ata vipande vya milimita moja au mbili, kimoja baada ya kingine, hadi upande wa pili. Kidole cha mkono wa pili hufunika kipande kinachokatwa, maana vipande vigumu huruka, na miwani ya kulinda macho ni ya lazima kwake na kwa anayesogea kutazama.

Hapa ndipo wengi hujeruhi wazee wao. Ukucha unaponenepa na kurefuka, nyama ya chini yake huweza kusogea mbele pamoja nao, ikajishikiza sehemu ambayo kwa mtu mwingine ni ukucha mtupu. Kwa nje yote yanaonekana kama ziada ya kukatwa. Mkono wenye pupa unaifuata ncha ya kidole kama kipimo, na damu inatoka. Msaidizi mzoefu hupitisha kwanza kijiti butu chini ya ncha ya ukucha, taratibu, kutafuta mahali nyama inapoanzia, na huacha milimita moja au mbili mbele ya hapo hata kama ukucha utabaki mrefu kidogo. Hukata kwa mstari ulionyooka na kulainisha kona kwa tupa tu. Hachimbi kona. Kona iliyochimbwa leo huacha kipande chenye ncha kisichoonekana, na baada ya wiki chache ncha hiyo inaingia katika nyama ikiwa inakua.

Urefu ukishapungua, unabaki unene, na unene hausemezani na koleo. Ni kazi ya tupa: kusaga uso wa juu wa ukucha kuelekea upande mmoja, kutoka nyuma kwenda mbele, tabaka kwa tabaka, bila kugusa ngozi. Bibi akisema anahisi joto, mkono unapumzika. Akisema panauma, kazi ya kidole hicho imekwisha kwa siku hiyo. Kliniki za miguu hutumia mashine ndogo ya kusagia, ambayo ni ya haraka lakini hurusha vumbi la ukucha lenye vimelea vya fangasi. Anayeitumia huvaa barakoa na mashine nzuri huwa na kinyonya vumbi. Kwa nyumbani tupa inatosha.

Ukucha wa kidole gumba cha kulia wa bibi huyu hautakwisha siku moja. Mara ya kwanza uondolewe tu ule upande unaogusa kidole cha pili, maana ndio unaomuumiza, na unene upunguzwe kiasi. Mfamasia anaweza kumpatia krimu ya yurea ya asilimia 40, inayopakwa juu ya ukucha wenyewe usiku na kufunikwa kwa plasta, ngozi ya kando ikiwa imekingwa kwa mafuta ya mgando. Baada ya siku saba hivi tabaka za juu huwa laini na hukwanguliwa kwa urahisi. Awamu mbili au tatu za namna hiyo humfikisha mahali ambapo kiatu kinaingia. Unene utarudi, kwa sababu mzizi ni uleule, lakini ukisagwa kila baada ya wiki sita hadi nane haufiki tena ulipokuwa.

Ugumu wa viungo nao una saa zake. Mwenye ugonjwa wa Parkinson hutetemeka kidogo pale dawa yake inapofanya kazi, mara nyingi kama saa moja baada ya kumeza. Huo ndio wakati wa kumkata kucha. Mwenye baridi yabisi huwa mgumu asubuhi na hulegea mchana. Mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kuvumilia mguu mmoja leo na mwingine kesho, na hakuna ubaya.

Damu ikitoka, jibu ni kitambaa safi na shinikizo la dakika 10 mfululizo, mguu ukiwa umeinuliwa. Kuchungulia kila dakika huzuia damu kuganda. Jivu, tumbaku na majani ya chai havina nafasi hapo. Jeraha huoshwa kwa maji na sabuni, hufungwa, na hutazamwa kila siku kwa wiki. Wekundu unaopanuka, uvimbe, joto, usaha au harufu ni safari ya kituo cha afya siku hiyohiyo, si kesho. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza kujificha, kwa hiyo joto na uvimbe ndivyo vya kuaminiwa zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo msaidizi peke yake ndiye huliona, kwa kuwa mzee hafikii wala haoni: weusi chini ya ukucha. Mara nyingi ni damu iliyovilia baada ya kujikwaa, na hiyo husogea mbele ukucha unavyokua. Mistari myembamba ya rangi katika kucha kadhaa ni ya kawaida kwa watu weusi. Lakini mstari mmoja mpya unaopanuka, au doa lisilosogea, au rangi inayovuka ukucha na kuingia kwenye ngozi, linahitaji daktari. Bob Marley alikutwa mwaka 1977 na saratani ya ngozi iliyoanzia kwenye kidole gumba cha mguu, na ilimuua mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Kidole hicho mwanzo kilidhaniwa kimeumizwa na mpira tu. Anayeshika mguu wa mzee kila baada ya wiki sita anaweza kulinganisha na alichokiona mara iliyopita, na picha ya simu iliyopigwa kabla ya kuanza kazi humsaidia.

Nani basi aruhusiwe kufanya kazi hii? Japani, nchi yenye wazee wengi, iliwahi kulijibu swali hilo kwa maandishi. Mwaka 2005 wizara yake ya afya ilitoa waraka ukisema kwamba kukata na kulainisha kucha kwa tupa si tiba inayohitaji daktari au muuguzi, mradi ukucha wenyewe hauna kasoro, ngozi inayouzunguka haijavimba, na mtu hana ugonjwa kama kisukari unaohitaji usimamizi wa kitaalamu. Wahudumu wa makao ya wazee wakajua mpaka wao. Kucha nene zikabaki kwa wauguzi.

Miaka miwili baadaye, katika mji wa Kitakyushu, muuguzi wa wodi ya wagonjwa wenye ugonjwa wa kusahau alikamatwa, akituhumiwa kuwajeruhi vidole wagonjwa wazee kwa kukata kucha zao nene mpaka ndani. Mwaka 2009 mahakama ilimtia hatiani. Wauguzi wa nchi nzima walishtuka, wakijiuliza nani tena atathubutu kugusa ukucha mnene. Mwaka 2010 mahakama ya juu ya Fukuoka ilimwachia huru, ikisema alichofanya kilikuwa sehemu ya uuguzi. Kesi ile inaonyesha kwamba matokeo ya kazi hii yanaweza kutisha macho ya asiyejua ukucha ulikuwaje kabla, na kwamba kuwaeleza ndugu mapema na kuandika kilichoonekana kunamlinda mgonjwa na msaidizi pia.

Nchini Uingereza, huduma ya afya ya umma kwa kawaida haimkati kucha mtu kwa sababu tu hafikii miguu. Pengo hilo huzibwa na mashirika ya hiari, yakiwemo matawi ya shirika la wazee la Age UK, ambako watu waliofunzwa hukata kucha za kawaida baada ya kumfanyia mzee tathmini, na wenye hatari kubwa zaidi hupelekwa kwa wataalamu wa miguu.

Tanzania njia ilianzia kwenye kisukari. Dakta Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam ni miongoni mwa walioanzisha mpango wa kufunza huduma ya miguu uitwao Step by Step, ulioanza miaka ya 2000 Tanzania na nchi za Asia Kusini. Hospitali ilileta watu wawili, daktari na muuguzi wake, wakafunzwa pamoja kupima ganzi, kupunguza sugulu, kukata kucha na kutunza vidonda, kisha wakarudi kwao kufanya kazi. Hiyo ndiyo maana ya mtu mwenye mzee wa kisukari kuulizia kliniki ya kisukari ya hospitali ya mkoa badala ya kutafuta mtu mtaani. Kwa mzee asiye na kisukari wala ganzi, muuguzi wa kituo cha karibu anaweza kuombwa amkate kidole kimoja mbele ya mjukuu, kisha amwangalie mjukuu akikata cha pili.

Wapo pia vijana wanaopita mitaani na vikapu vya rangi za kucha, wanaoosha miguu na kusugua magaga. Wengi wana mkono mwepesi. Hatari iko kwenye kifaa kimoja kinachopita miguu ya watu wengi kwa siku, na kwenye wembe, ambao wazee wengi wameuzoea na ambao mkono ukiteleza haukwaruzi bali unapasua. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, hata kwenye chuma kinachoonekana kikavu na safi. Mzee awe na koleo lake na tupa yake, katika mfuko wake. Anayemhudumia avae glovu. Baada ya kazi koleo lisuguliwe kwa brashi na sabuni mpaka mabaki yaishe, lilowekwe dakika 10 katika Jiki ya asilimia 3.5 iliyochanganywa sehemu moja kwa sita za maji, lisuuzwe na kukaushwa ili lisishike kutu. Tupa ya karatasi haisafishiki, ikichakaa inatupwa.